Barua ya Mume: "Twende Tukapime Sote"

SALMA: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, tuna barua. Msikilizaji wetu mmoja alimwandikia mkewe, akaogopa kumpa, akatutumia sisi kwanza tuipitie. Ametupa ruhusa tuisome bila majina. Hamisi, soma, ila nitakukatiza.

HAMISI: Lini hukunikatiza? Haya. "Mama Watoto, nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kulisema hili unageukia ukutani, nami naishia kuongea habari za kazini. Huu ni mwezi wa nne tangu ule uchafu uanze kukutoka. Umeshaweka vidonge vya fangasi mara tatu. Kila mara unapata nafuu siku chache, halafu unarudi. Naona unavyofua nguo zako za ndani usiku na kuzianika nyuma ya mlango ili mtu asizione."

SALMA: Hapo nyuma ya mlango pameniuma. Huyu bwana anaona. Lakini shemeji ametibiwa mara tatu na hajapimwa hata mara moja. Ameelezea uchafu wenyewe ukoje?

HAMISI: Ndiyo, mbele kidogo. "Ni majimaji mepesi ya kijivu, na harufu inazidi tukishakutana."

SALMA: Sasa hiyo haifanani na fangasi. Miaka yangu yote ya uuguzi, malalamiko makubwa ya mwenye fangasi ni muwasho. Uchafu wake mara nyingi ni mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, na hauna harufu ya kukera. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo, yananifanya nifikirie zaidi kwamba bakteria wa kawaida wa uke wamevurugika: wale walinzi wamepungua, wengine wamezidi.

HAMISI: Kwa nini baada ya tendo?

SALMA: Uke wenye afya una asidi kiasi. Shahawa hazina, zinapunguza ile asidi, na hapo harufu inafumuka. Hata maabara wanatumia ujanja huohuo: wanadondoshea ute tone la dawa inayoua asidi, wananusa.

HAMISI: Kwa hiyo jibu tunalo, ni bakteria.

SALMA: Hatuna. Trikomona naye anaweza kuleta majimaji yenye harufu kama hiyo. Huyo ni kijidudu kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Vitabuni wanasema uchafu wake ni wa kijani na una mapovu, lakini wanawake wengi hawaoni hayo. Ndiyo maana nasema jicho halitoshi, na dawa ya fangasi haiui bakteria wala trikomona. Zile nafuu za siku chache nadhani ndizo zilizomchelewesha.

HAMISI: Akifika kliniki anafanyiwa nini? Nadhani hapo ndipo anapoogopea.

SALMA: Ataulizwa maswali, kisha anaangaliwa kwa kile kifaa cha kufungulia uke. Anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke. Wanachukua ute kwa kijiti chenye pamba, ni dakika chache. Kuna karatasi ya kupima asidi: namba ikizidi 4.5, tunaegemea bakteria au trikomona. Kwa fangasi peke yake huwa haipandi. Halafu ute unaangaliwa kwenye darubini, na hapa ndipo mambo huharibika. Trikomona anatambuliwa kwa kucheza. Ute ukikaa mezani, anatulia, na fundi anaandika "hakuna kitu". Kwa hiyo darubini ikisema hakuna na dalili bado zipo, aulize kipimo cha vinasaba. Hicho kinamnasa hata asiyecheza, na kipo pia cha kisonono na klamidia.

HAMISI: Ajiandae vipi?

SALMA: Asijisafishe ndani siku moja kabla, na asiweke dawa yoyote ukeni kabla ya kwenda. Wengi wanajisugua vizuri ili wasione aibu mbele ya daktari, kumbe wameosha kile kinachotafutwa. Na kama ana maumivu chini ya kitovu, homa, damu baada ya tendo, au ni mjamzito, asisubiri miadi.

HAMISI: Naendelea. "Mimi najijua sina kitu, ila ukitaka nitakusindikiza."

SALMA: Huo mstari nimeufuta kwa kalamu nyekundu. Anajijuaje? Wanaume wengi wenye trikomona hawahisi chochote. Hana uchafu, mkojo hauchomi, na kijidudu kipo. Mke akitibiwa peke yake, wakikutana wiki ijayo anarudishiwa.

HAMISI: Na kama ni bakteria tu? Nimezoea kusikia mume hahusiki.

SALMA: Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wanawake wenye mume au mpenzi mmoja. Pale ambapo mwanamume naye alitibiwa, kwa vidonge na krimu ya kupaka uumeni kwa siku 7, tatizo lilirudi kwa wanawake 35 kati ya 100 ndani ya wiki 12. Alipotibiwa mwanamke peke yake, lilirudi kwa 63. Kwa hiyo anahusika.

HAMISI: Basi tulimrudishia, akaandika upya. Sikiliza: "Sijui kama mimi nina kitu. Sina dalili, lakini nimeambiwa dalili si kipimo. Nitapimwa siku hiyohiyo, na mimi nitaanza."

SALMA: Afadhali! Kwake ni mkojo tu, ule unaotangulia kutoka anapoanza kukojoa, na asiwe amekojoa kwa saa moja au mbili kabla. Na aseme wazi anataka trikomona iangaliwe, maana kwa wanaume mara nyingi haimo kwenye vipimo vya kawaida.

HAMISI: Kuna swali linalonikera. Ikionekana trikomona, nyumba haitawaka moto? Nani kaleta?

SALMA: Kipimo hakina tarehe. Trikomona anaweza kukaa kimya mwilini kwa miezi, hata zaidi. Anaweza kuwa alikuwepo kabla ya shida kuanza. Siwezi kumwapia mtu kwamba mwenzake ni mwaminifu, wala maabara haiwezi kusema kinyume chake.

HAMISI: Naye ameligusa. "Likionekana lolote, sitakuuliza umelitoa wapi, nawe naomba usiniulize pale kliniki. Tumeze dawa kwanza. Tukiwa na la kusemezana, tutasemezana nyumbani."

SALMA: Huyo ni mtu mzima. Aongeze jambo moja: ikiwa ni trikomona, wasikutane mpaka wote wawili wamalize dozi na dalili ziishe. Dozi ya mwanamke kwa kawaida ni metronidazoli siku 7, na watu huiacha siku ya tatu harufu ikikata. Kisha shemeji arudi kupimwa baada ya miezi mitatu, hata kama anajisikia mzima.

HAMISI: Anamalizia hivi: "Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Kama siku hiyo hupendi, andika siku unayoitaka hapa chini, uirudishe karatasi mfukoni mwa koti langu. Si lazima tuongee."

SALMA: Na ameacha nafasi chini?

HAMISI: Ameacha. Amechora na kamstari.