Msailiwa Anapokwama: Dakika Mbili Mikononi mwa Jopo

Ndugu zangu mnaokaa kwenye majopo ya usaili, leo naomba tuzungumzie zile dakika mbili baada ya msailiwa kukwama.

Mnazijua. Swali limeulizwa, mtu anafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Mjumbe mmoja anamhurumia, analirudia swali kwa maneno mengine. Wa pili anaongeza mfano, wa tatu anaandika kitu. Hapo tumemmaliza. Hofu imeshajaza ile nafasi ndogo ya akili inayoshika mambo ya papo kwa papo, nasi tunamrundikia maswali matatu badala ya moja. Anayoyajua hayajafutika, ila kwa wakati huo hayafikii.

Tuseme ni mwombaji wa kazi ya uhasibu. Ameulizwa: salio la daftari la fedha halilingani na la taarifa ya benki, utafanyaje? Kimya. Mwenyekiti aweke kalamu chini, wenzake pia, kisha ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ikibidi aseme, "Usiwe na haraka, muda tunao," na amsogezee swali likiwa limeandikwa, asihangaike kulikumbuka. Asimwambie "tulia", maana hiyo humwongezea kazi nyingine.

Bado kimya? Mshushe kwenye kitu alichokifanya mwenyewe: "Mara ya mwisho ulipofunga hesabu za mwezi, ulianza na karatasi gani?" Hapo ndipo utamtambua. Anayejua ataanza kwa kusuasua: nilichukua taarifa ya benki, nikatiki ingizo moja moja. Mara sauti inakaza: kulikuwa na hundi tuliyoitoa haijawasilishwa benki, na makato ya benki ambayo hatukuwa tumeyaingiza kwenye daftari. Asiyejua hubaki juu juu, "nilihakikisha kila kitu kiko sawa," hata ukimsubiri. Ukishamfungua, mrudishe kwenye swali lenyewe, kwa kuwa alama ni za swali lile. Na uangalie: ukiitaja hundi wewe, umejijibu mwenyewe. Maswali ya kumfungua mtu yaandikwe kabla ya usaili, na kila atakayekwama apewe hayo hayo, kwa muda ule ule.

Akilia, mwachie nafasi. Mpe chaguo: aendelee, atoke dakika tano, au arudi baada ya wenzake. Msimuulize analilia nini. Anaweza kutaja msiba au ugonjwa, na mkishausikia hamtaweza kumpa alama kama vile hamkuusikia. Kwenye fomu andikeni alichojibu. Machozi hayana safu yake.

Najua mtaniambia zipo kazi zinazodai utulivu, kama kupokea simu za dharura. Kweli kabisa. Basi upimwe kwa zoezi la simu ya kuigiza, wote walifanye, liwe na alama zake. Kukwama mbele ya watu watano wanaokukadiria hakuelezi utakavyomjibu mtu anayeomba msaada.