Barua nne za kodi: ipi inakudai jibu, ipi inakudai pesa

Hamjambo, watazamaji wangu wa Kisumu na popote mnaponitazama. Leo nina karatasi nne hapa mezani. Zote zimetoka KRA, zote zina nembo ile ile na namba ya PIN ya mtu yule yule, na kwa macho ya haraka utadhani ni barua moja iliyopigwa chapa mara nne. Sivyo. Moja inakupa haki ya kubisha. Tatu zinazofuata haki hiyo hazina.

Barua zenyewe huja kwa Kiingereza, na watu wa mjini wanaziita asesmenti, dimandi, rimainda na fainali notisi. Mimi nitaziita makadirio, hati ya madai, ukumbusho na ilani ya mwisho. Nitakaa sana kwenye makadirio, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotezea kesi yao bila kujua.

Kabla hujasoma hata neno moja, tafuta tarehe. Nasogeza kamera karibu. Mnaona hapa juu? Tarehe 4 Machi 2024. Chukua kalamu uandike kando ya barua siku uliyoipokea, halafu hesabu siku 30. Mimi huhesabu siku zote, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ili nisije nikabanwa. Kwa barua hii, iliyotumwa siku hiyo hiyo, mwisho ni tarehe 3 Aprili 2024.

Barua hii ni ya mama mmoja mwenye maduka ya kupangisha kule Kondele. Ameniruhusu niionyeshe, jina na PIN nimevifunika kwa karatasi. Ilikuja kwa barua pepe, lakini anwani iliyoandikwa kwenye iTax haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa saiba aliyemsajilia PIN miaka mingi iliyopita, na kijana huyo alishahama. Mpwa wake ndiye aliyeingia iTax kutafuta kitu kingine, akaikuta barua tarehe 25 Machi. Siku 21 zilikuwa zimekwisha, na Pasaka iko mlangoni. Kwa hivyo, ndugu yangu, simamisha video hii kidogo, ingia iTax, uangalie ni barua pepe ya nani iliyo kwenye usajili wako. Barua ikitumwa kwenye anwani uliyoisajili, kusema hukuiona ni utetezi dhaifu.

Sasa tuyasome makadirio. Utayatambua kwa mambo matatu: yana namba yake ya makadirio, yanataja mwaka au mwezi wa kodi, na yanaonyesha hesabu ya jinsi kodi ilivyopatikana. Huyu mama, katika ritani yake ya mwaka 2022, alitangaza mapato ya kupangisha maduka shilingi 1,800,000. Akaunti yake ya benki ikaonekana imeingiza 3,000,000. Tofauti, 1,200,000, ikahesabiwa kuwa mapato aliyoyaficha. Kwa kuwa mapato yake yalikuwa yameshafika daraja la asilimia 30, kodi ya nyongeza ikawa 360,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake. Yaani 3,600 kila mwezi unaopita.

Mama alipoona hiyo 360,000 alitaka kuuza kiwanja. Nikamwambia, mama, tulia kwanza. Makadirio yanakuuliza, je, hesabu hii ni sahihi? Una siku 30 za kujibu. Ukikubali, lipa. Ukikataa, weka pingamizi kwa maandishi kupitia iTax. Ukinyamaza, hesabu hiyo inakuwa deni lako.

Tukakaa na taarifa ya benki, tukapita mstari kwa mstari na kalamu mbili za rangi. Ile 1,200,000 ikagawanyika mara tatu. Shilingi 700,000 ulikuwa mkopo wa SACCO, na mkopo si mapato. Shilingi 300,000 zilikuwa pesa za chama cha akina mama, yeye akiwa mweka hazina, zinaingia kwake kisha zinatoka kwenda kwa wanachama. Zikabaki 200,000. Nikamuuliza, mama, na hizi? Akanyamaza kidogo, akasema ni pesa za kupangisha duka la pembeni, alizisahau kwenye ritani. Basi hizo ni mapato, na kodi yake ni 60,000.

Hapa ndipo pingamizi nyingi hufia. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 haitaki uandike tu kwamba unapinga. Inataka useme wazi unapinga kitu gani, kwa sababu gani, na hesabu irekebishwe iwe ngapi. Inataka uambatishe ushahidi. Na ile sehemu ya kodi usiyoibishia, inataka uwe umeilipa au umekubaliana namna ya kuilipa. Kwa mama huyu, tulitoa namba ya malipo, ile PRN, ya shilingi 60,000 pamoja na riba yake, akalipa kwa simu kupitia namba ya serikali 222222. Hapo namba ya akaunti ni PRN yenyewe. Mtu yeyote akikutumia namba yake ya simu eti ulipe kodi hapo, huyo ni mwizi.

Halafu tukaandika: napinga shilingi 300,000 za kodi kati ya 360,000, 210,000 zimetokana na mkopo, 90,000 zimetokana na pesa za chama. Tukaambatisha mkataba wa mkopo, taarifa ya SACCO, taarifa ya benki na taarifa ya M-Pesa ya pesa za chama zikitoka. Iliingia Alhamisi, tarehe 28 Machi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Ukishaituma, hifadhi risiti ya kupokelewa. Bila hiyo huna cha kuonyesha.

Baada ya pingamizi halali kupokelewa, Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi. Zikipita bila uamuzi, pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Uamuzi wa mama ulikuja kabla ya hapo. Mkopo ulikubaliwa wote. Pesa za chama zilikataliwa, kwa sababu taarifa ya M-Pesa ilionyesha pesa zikitoka lakini haikuonyesha kwamba wale waliopokea ni wanachama. Daftari la mikutano lingeonyesha, nasi hatukuliambatisha. Hilo lilinifunza, na sasa mtu akinitajia pesa za chama, kitu cha kwanza ninachoomba ni daftari lenye majina na saini. Angeweza kukata rufaa kwa Mahakama ya Rufaa za Kodi ndani ya siku 30 tangu kupata uamuzi. Alipima gharama na muda, akaamua kulipa zile 90,000 kwa awamu.

Tuje kwa karatasi ya pili, hati ya madai. Iweke kando ya makadirio utaona tofauti. Hapa hakuna hesabu ya jinsi kodi ilivyopatikana. Kuna jumla tu: kodi, adhabu, riba, na siku za kulipa. Hati ya madai haikuulizi kama hesabu ni sahihi, maana inachukua kwamba swali hilo limeshajibiwa, ama ulinyamaza siku 30 zikapita, ama wewe mwenyewe ulitangaza kodi kwenye ritani ukakosa kuilipa. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupokea hati ya madai leo, akahesabu siku 30 kuanzia leo, akaleta pingamizi. Linarudishwa. Siku 30 zilianza na makadirio, na hati ya madai haizirudishi nyuma.

Kwa hiyo hatua yako hapa ni nyingine. Ingia iTax, fungua My Ledger, kisha General Ledger, utafute deni hilo limetoka wapi. Wakati mwingine ulishalipa, lakini malipo yalikwenda kwenye mwezi au aina nyingine ya kodi kwa sababu PRN ilitengenezwa vibaya. Hapo peleka risiti na uombe malipo yahamishwe. Kama deni ni la kweli na pesa huna, andika ombi la kulipa kwa awamu, ukitaja kiasi na tarehe unazoziweza kweli. Riba itaendelea kuhesabiwa, lakini unakuwa na makubaliano mkononi. Na kama makadirio yalikupita kwa sababu nzito, kama kulazwa hospitali au kuwa nje ya Kenya, sheria inakuruhusu kuomba uongezewe muda wa kuweka pingamizi. Ambatisha ushahidi wa sababu hiyo, na usingoje, kwa maana ombi linalochelewa nalo huonekana si la dharura.

Karatasi ya tatu, ukumbusho, haina mengi. Tafuta mstari unaotaja barua au kipindi kinachokumbushwa, maana kuna ukumbusho wa kulipa na kuna ukumbusho wa kupeleka ritani. Ukiwa wa ritani, kulipa peke yake hakutoshi, peleka ritani yenyewe, hata kama ni ya sifuri. Ukiwa wa kulipa, rudi kwenye hati ya madai ufanye yale niliyoyasema. Ukumbusho haukupi muda mpya.

Ya nne ni ilani ya mwisho. Soma aya ya chini kabisa, pale inapotaja kitakachofuata usipolipa. Inaweza kutaja kukamata mali, kuzuia uhamisho wa ardhi, au notisi ya uwakala. Hii ya uwakala wenye nyumba waielewe vizuri. KRA inaweza kumwandikia mtu yeyote mwenye pesa zako, iwe benki au mpangaji wako, azipeleke kwao moja kwa moja. Mpangaji akishapokea notisi hiyo, kumpigia simu umwambie akulipe wewe kama kawaida ni kumtia matatani, kwa sababu asipotii deni linaweza kumwangukia yeye.

Ilani ya mwisho ikifika, usiandike barua ndefu. Siku hiyo hiyo nenda mwenyewe ofisi ya KRA inayokuhudumia, ukiwa na barua zote nne kwa mpangilio wa tarehe, taarifa ya General Ledger uliyoichapisha, risiti za malipo, na risiti ya pingamizi kama uliliweka. Beba pia malipo ya kwanza, maana ombi la awamu linasikilizwa vizuri zaidi likiwa na kitu mkononi. Na kama notisi ya uwakala ilishatoka, ukimaliza kulipa au mkikubaliana, omba barua ya kuiondoa, uwapelekee nakala benki na kila mpangaji aliyeandikiwa. Wao hawaioni akaunti yako ya iTax, na hadi wapate karatasi hiyo wataendelea kupeleka pesa kule walikoelekezwa.