Riba Juu ya Riba: Kwa Mwezi au kwa Mwaka? Tunapiga Hesabu kwa Fomula Moja

Haya karibuni, leo tunafungua Excel au Google Sheets, yoyote uliyonayo, na tunajibu swali moja tu: pesa ile ile, riba ile ile ya 12% kwa mwaka, ukiiacha miaka 30, kuna tofauti gani riba ikiingizwa kila mwezi na ikiingizwa mara moja kwa mwaka? Wengi wanadhani ni kitu kidogo cha kupuuza, na kwa mwaka wa kwanza hawajakosea sana, ila subirini tufike mbele.

Fomula yetu ni hii hapa, na ni hii hii mpaka mwisho wa video:

```
A = P(1 + r/n)^(nt)
```

P ni mtaji, pesa unayoanza nayo. r ni riba ya mwaka ila inaandikwa kwa desimali, yaani 12% inakuwa 0.12. n ni mara ngapi kwa mwaka riba inaingizwa kwenye akaunti, t ni miaka, na A ndo utakachokuta mwishoni. Sasa angalia n imekaa sehemu mbili, chini ya r na tena juu kwenye kipeo, hapo ndo siri yote ilipo, kwa sababu n ikiwa kubwa kila riba inayoingia inakuwa ndogo lakini inaingia mara nyingi zaidi.

Twende kwenye shiti. Seli B1 andika 1000000, B2 andika 0.12, B3 andika 1, B4 andika 30. Halafu B5 weka hii:

```
=B1*(1+B2/B3)^(B3*B4)
```

Piga enta. Inakuja kama 29,959,922, yaani milioni moja imekuwa karibu milioni 30 na hujaongeza hata senti. Hiyo ni ya mwaka. Sasa chagua safu yote ya B kuanzia B1 mpaka B5, ikopi uipesti kwenye C, kisha badilisha kitu kimoja tu, C3 iwe 12 badala ya 1. C5 inasoma 35,949,641. Tofauti ni kama milioni 5.99, karibu mara sita ya mtaji wako wa mwanzo, na hatujagusa asilimia wala miaka.

Imetoka wapi? Weka t iwe 1 kwenye safu zote mbili tuone. Ya mwaka inatoa 1,120,000, ya mwezi 1,126,825. Mwezi wa kwanza unapata 1% ya milioni, yani 10,000, lakini mwezi wa pili hiyo 1% inapigwa kwenye 1,010,000 kwa hiyo unapata 10,100, na inaenda hivyo hivyo mpaka Desemba. Kama riba isingezaa ungepata 10,000 mara 12, jumla 120,000, ambayo ndo ile ya mwaka. Kwa hiyo hizo 6,825 za ziada ni riba iliyozaliwa na riba ndani ya mwaka huo huo, wakati yule wa kwa mwaka riba yake inasubiri mpaka mwaka uishe ndo ianze kufanya kazi.

Sasa weka t iwe 10. Mwaka 3,105,848, mwezi 3,300,387, tofauti imefika 194,539. Ukiweka 20 tofauti inavuka milioni 1.2, na kwenye 30 ndo ile milioni 5.99. Mtu akipiga 6,825 mara 30 anapata laki mbili na kidogo na anashangaa hizo nyingine zimetoka wapi, jibu ni kwamba pengo lenyewe nalo linazaa, kila mwaka unaopita, yule wa kila mwezi anamzidi yule wa kwa mwaka kwa karibu 0.61% ya chote kilichopo, sio ya mtaji wa mwanzo tu, na ikirudiwa miaka 30 wa mwezi anakuwa mbele kwa 20% nzima. Mimi hii ndo sehemu naipenda kuliko zote kwenye hii hesabu.

Ila usitoke hapa ukadhani kila mwezi siku zote ni ushindi mkubwa. Rudisha t iwe 30, weka riba 0.03 kwenye safu zote mbili: mwaka 2,427,262, mwezi 2,456,842, tofauti haifiki hata elfu thelathini. Riba ikiwa ndogo hakuna kikubwa cha kuzaa katikati ya mwaka. Na ukirudi kwenye 0.12 ukaweka n iwe 365, yaani kila siku, unapata kama milioni 36.58, kutoka mwezi kwenda siku umeongeza laki sita na kitu tu. Kuna dari ya hesabu hapo, ni P mara e, ile namba ya kama 2.718, kwa kipeo cha rt, inatoa kama milioni 36.6 na huwezi kuivuka hata riba ikiingia kila sekunde.

Sasa makosa, na hapa kaa makini maana haya hayaonekani kwa macho. La kwanza ni mabano ya kipeo. Rudisha C3 iwe 12, halafu ukiandika hivi:

```
=C1*(1+C2/C3)^C3*C4
```

kompyuta inapandisha kipeo cha 12 kwanza halafu inazidisha kwa 30, inakupa 33,804,751. Ubaya wake ni kwamba namba hiyo inafanana na kweli, iko katikati ya majibu yetu mawili! Ukijaribu na t ya 1 pia inatoa jibu sahihi kabisa, kwa hiyo jaribu na 2. Fomula mbovu itasema una 2,253,650, pesa imejizidisha zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili kwa riba ya 12%, hapo unajua kuna kitu, jibu la kweli ni 1,269,735.

La pili ni wanaotumia kalkuleta, kukata desimali mapema. Chukua riba 10%, gawa kwa 12, inakuja 0.008333 inaendelea, mtu anaandika 0.008 anasonga mbele. Kwa miaka 30 jibu la kweli ni kama milioni 19.84, yeye anapata 17.61, wakati ya mwaka yenyewe ni 17.45. Yaani kukata tarakimu kidogo kumefuta karibu faida yote ya kila mwezi aliyokuwa anaitafuta. Acha kalkuleta ibebe desimali zote mpaka mwisho.

Ya mwisho, ukiletewa ofa mbili zenye riba tofauti na vipindi tofauti, tuseme moja 12% kwa mwaka inayoingizwa kila mwezi na nyingine 12.5% inayoingizwa mara moja kwa mwaka, usilinganishe hizo asilimia moja kwa moja. Weka P iwe 1, t iwe 1, soma jibu. Ya kwanza inatoa 1.1268, ya pili 1.125, kwa hiyo ya 12% ndo kubwa japo kwa macho inaonekana ndogo, na kwa miaka 30 inatoa milioni 35.95 dhidi ya 34.24. Ingekuwa 12.7% kwa mwaka ingekuwa 1.127, hapo ya mwaka inashinda. Hesabu zote hizi zinakubali kama riba haibadiliki na hutoi kitu katikati, na kama ni mkopo geuza: yule mwenye 1.1268 ndo anayekukamua zaidi.