Kurekodi Simu kwa Simu Yenyewe: Maongezi na Wafanyabiashara wa Soko

Ndugu zangu, mama zangu, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kurekodi simu, kwa sababu mwezi uliopita jambo hili lilileta ugomvi ndani ya kikundi. Mimi ni fundi simu. Yale nitakayosema nimeyaona mezani kwangu, mengine kwa furaha, mengine kwa huzuni.

Nianze na ugomvi wenyewe. Mwenyewe ameniruhusu niueleze, jina silitaji. Mama mmoja muuza vitenge alikubaliana kwa simu na mtu wa kumletea mzigo: doti 60, kila doti shilingi 18,000, jumla 1,080,000, atangulize nusu. Akatuma 540,000. Mzigo ulipofika, zikahesabiwa doti 45. Yule bwana akasema bei ilikuwa 24,000, kwa hiyo 45 ndiyo haki yake. Mama akajibu, "Mimi nimekurekodi!" Na kweli alikuwa amerekodi. Lakini alibonyeza baada ya bei kutajwa, maana lilimjia wazo katikati ya maongezi. Kisha akakata kipande cha sekunde arobaini, akakirusha kwenye kundi la wasapu, na simu ilipojaa akaifuta rekodi nzima. Yule bwana akasema kipande kimeunganishwaunganishwa. Mama hakuwa na cha kumjibu. Shikeni kisa hicho, nitakirudia.

Sasa, kuwasha. Kwa wenye Samsung, fungua Phone, pale unapopigia, gusa vidoti vitatu juu kulia, ingia Settings, tafuta Record calls. Ukiikosa, usidhani umekosea. Menyu hiyo hutokea au kufichwa kufuatana na nchi ambayo simu ilitengenezewa. Ndiyo maana simu mbili za aina moja, moja imenunuliwa hapa na nyingine imeletwa kutoka nje, zinaweza kutofautiana. Humo ndani kuna Auto record calls, na ukiigusa inakuuliza: All calls, yaani simu zote, Calls from unsaved numbers, namba usizozihifadhi, au Calls from specific numbers, namba unazozichagua mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninalowashauri, na sababu nitaisema. Usipowasha hiyo ya kujirekodi yenyewe, bado unaweza kubonyeza Record mwenzako akishapokea.

Wenye simu zinazotumia Phone ya Google, njia inafanana: vidoti vitatu, Settings, Call recording. Tofauti kubwa ni kwamba hiyo ya Google hutangaza. Ukibonyeza, wewe na mwenzako mnasikia sauti inayosema simu inarekodiwa, na ukizima inatangaza tena. Wenye iPhone walichelewa kupata jambo hili. Lilikuja na iOS 18.1 mwezi Oktoba 2024. Unagusa alama ya kurekodi wakati mnaongea, tangazo linasikika kwa wote wawili, na rekodi inakwenda kwenye Notes, ndani ya folda ya Call Recordings. Kama una ndugu Maskati mwenye iPhone akakwambia haioni alama hiyo, usimwambie ni mshamba. Omani imo katika orodha ya nchi ambazo Apple haikuzifungulia huduma hiyo, pamoja na Umoja wa Ulaya wote.

Watu huniuliza, mbona nisipakue tu programu ya kurekodi kutoka Play Store? Zamani ilikuwa hivyo. Kuanzia Android 10, mwaka 2019, mfumo uliziba masikio ya programu za nje wakati wa simu, zikabaki kusikia sauti yako tu au kutosikia chochote. Zikatafuta mlango wa nyuma kwa kuomba ruhusa ya Accessibility, ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri, na Google ikaufunga mlango huo dukani kwake Mei 2022. Leo ukikutana na programu ya kurekodi inayogawiwa kwa kiungo na inataka ruhusa hiyo, kataa. Ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kinachopita kwenye kioo chako, pamoja na salio na ujumbe wa pesa.

Mipaka ya hii ya ndani ni michache lakini inauma usipoijua. Hurekodi simu ya kawaida ya laini, si simu ya wasapu. Wengi wenu mnapatana bei kwa wasapu, halafu mnashangaa folda ni tupu. Hairekodi kabla mtu hajapokea. Mtandao ukikatika, rekodi inaishia pale. Ukipiga tena ni faili jipya, na kama ulikuwa unabonyeza kwa mkono lazima ubonyeze tena. Kosa hilo la kusahau kubonyeza tena ndilo ninalolisikia zaidi: mtu ana faili la dakika mbili za salamu, na makubaliano yenyewe yalikuwa kwenye simu ya pili. Na kwenye Phone ya Google kuna kipengele cha Delete recordings kinachofuta rekodi zenyewe baada ya siku ulizoweka, kwa hiyo kiangalie kabla hujakitegemea.

Sasa ile sababu ya kukataa All calls. Mteja mmoja aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka, akaniomba nimhamishie vitu vyake vyote kwenye simu mpya. Nilipofungua Recordings, kisha Call, nilikuta mafaili zaidi ya elfu moja. Kila faili lina jina la mtu, tarehe na saa, kwa mtindo huu:

```
Call recording Wifi Tanga_250314_201522.m4a
```

Yaani wifi yake wa Tanga, tarehe 14 Machi 2025, saa mbili na robo usiku. Sikufungua hata moja, lakini mtoto wake alikwisha zifungua. Mama huyo aliniambia mwenyewe, akilia, kwamba kijana wake alikuwa akichezea simu akasikia wifi akieleza majibu yake ya hospitali, na yakafika kwa bibi kabla mwenye ugonjwa hajawa tayari kusema. Yeye mwenye simu hakukusudia kumrekodi wifi yake. Aliwasha All calls miaka miwili nyuma kwa sababu ya mdaiwa mmoja, akasahau. Wifi hakujua kabisa, maana simu ile haikutangaza. Mimi jambo hili linaniumiza. Mtu anapokupigia usiku kukueleza la moyoni, anakuamini wewe. Hajaiamini folda ambayo mtoto, mnunuzi wa simu kuukuu au fundi kama mimi ataikuta.

Na si siri za ugonjwa tu. Watu husomeana namba za vitambulisho kwa simu. Wengine, Mungu awasaidie, husomeana namba ya siri ya pesa. Yote yanaingia humo.

Upande wa sheria, nitasema machache ninayoyajua. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, na zisitumike kwa jambo jingine. Sauti ya mtu inayotambulika ni yake. Wakenya nao wana sheria yao ya 2019. Kwa hiyo kurekodi bei ya vitenge halafu kuirusha rekodi kwenye kundi la watu themanini ili kumwaibisha mtu ni mambo mawili tofauti. La kwanza ukimwambia mwenzako limenyooka. La pili linaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa.

Turudi kwa mama wa vitenge, tuone ingekuwaje. Angeanza kwa kubonyeza Record mara tu simu inapopokewa, kabla ya bei. Kisha aseme, na sauti yake iwe ndani ya rekodi: "Kaka yangu, naomba niirekodi simu hii tusije tukasahau tulichokubaliana. Unaridhia?" Angoje jibu. Wengi hujibu "Haina neno, dada." Kisha arudie makubaliano kwa ukamilifu: leo tarehe fulani, mimi fulani, wewe fulani, doti 60, kila moja 18,000, natanguliza 540,000, mzigo unafika Ijumaa. "Ni sawa?" "Sawa." Hapo azime. Yaliyobaki ya watoto na wajomba hayahitaji kurekodiwa.

Baada ya hapo, faili lenyewe lisiguswe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime ushahidi wa namna hii kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi aliyeutengeneza anavyotambulika. Faili la asili lina jina na saa iliyoandikwa na simu yenyewe. Ukilituma wasapu kama sauti, upande wa pili linapokelewa likiwa na jina jingine kabisa, kama AUD-20250314-WA0003.m4a, na lile jina la mtu na saa limepotea. Ukilazimika kulituma, litume kama Document, na la asili libaki ulipolirekodi. Nakili moja kwenye kadi au kompyuta ya mtu unayemwamini. Deni likiisha, futa kote kuwili.

Kuna swali pale nyuma. Ndiyo, mama. Anauliza, je, akikataa kurekodiwa?

Akikataa, zima, na mwambie umezima. Usiendelee kwa siri ukijidanganya kwamba hatajua; siku utakapoitoa rekodi hiyo, jambo la kwanza litakaloonekana ni kwamba alikataa. Ongeeni, mkimaliza, kabla hujaweka simu chini, mwandikie ujumbe wa kawaida:

"Kaka, kama tulivyoongea sasa hivi: doti 60 kwa 18,000 kila moja, jumla 1,080,000. Natuma 540,000 leo, mzigo Ijumaa, nyingine nalipa ukifika. Nijibu kama ni sawa ndipo nitume."

Pesa usiitume mpaka ajibu. Na ujumbe huo usiufute.

Sasa toeni simu zenu. Kila mmoja ampigie aliye pembeni yake, amwambie anamrekodi, arekodi nusu dakika, kisha afungue folda asikilize kama sauti zote mbili zimo. Wenye Samsung wasiouona mlango wa Record calls waje hapa mbele.