Usiisome saini yako, iguse

Mhadhara kwa makatibu mahsusi na wahudumu wa ofisi, Tanga mjini

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili la saini za barua pepe, ile mistari ya jina, cheo na anwani chini ya barua, na wapo waliolisikia mara tatu. Leo nalisema tena kwa sababu wiki iliyopita nilipokea barua pepe kutoka ofisi tatu za hapahapa mjini, na saini mbili kati ya hizo zilikuwa na anwani ya mtu mwingine ndani yake. Nasema ndani yake. Kwa juu zilisomeka vizuri kabisa: jina sahihi, cheo sahihi, herufi hadi herufi.

Kuna kisa nitakachokieleza kwa urefu, mnivumilie. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha, karibu na bandari. Kaka aliyekuwa akishughulikia wateja wa makontena akahamia Dar es Salaam, nafasi yake ikachukuliwa na dada mmoja makini sana. Siku yake ya kwanza alifanya kile ambacho ninyi nyote mnakifanya. Alifungua barua ya zamani ya yule kaka, akakopi saini yote, akaipesti kwenye ya kwake, kisha akaanza kubadilisha. Jina la kaka likafutwa, la kwake likaandikwa. Cheo, hivyohivyo. Alipofika kwenye barua pepe, aliweka kishale katikati ya anwani ile ya bluu yenye mstari chini, akafuta herufi mojamoja na kuandika zake. Akaisoma mara mbili. Akanipa mimi nikaisoma. Nikamwambia iko sawa.

Haikuwa sawa, na mimi ndiye niliyeipitisha.

Sasa kuna mfanyabiashara wa Muheza aliyekuwa na kontena la vipuri njiani. Alitakiwa atume ankara na hati ya shehena. Akafungua barua ya yule dada kwenye simu yake, akashuka mpaka chini, akaigusa ile anwani ya bluu, ikafunguka barua mpya, akaambatisha nyaraka zake, akatuma. Siku zikapita. Dada anasubiri nyaraka, mteja anasubiri mzigo, kontena limefika na gharama za kulihifadhi bandarini zinahesabiwa. Siku ya tisa mzee wa watu akapanda basi akaja. Aliweka simu mezani, akafungua barua zilizotumwa, akasema, "Mwanangu, nilituma, hii hapa."

Tukaangalia pale juu palipoandikwa `To`. Anwani ilikuwa ya yule kaka aliyehama.

Dada alilia. Alidhani ameandika vibaya. Tukafungua saini yake, tukaikuta imeandikwa vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa, na ndiyo maana siliachi jambo hili. Ukiangalia jinsi saini ile inavyohifadhiwa kwa ndani, utakuta kitu cha namna hii. Anwani nimeweka za mfano:

```
<a href="mailto:afisa.wazamani@ofisi.example">afisa.mpya@ofisi.example</a>
```

Tazameni vizuri. Anwani ziko mbili. Ya kulia ndiyo inayoonekana kwa macho. Ya kushoto, iliyo baada ya `mailto:`, ndiyo inayofanya kazi ukigusa. Unapoweka kishale katikati ya maandishi ya bluu na kuandika upya, unabadilisha ya kulia peke yake. Ya kushoto haijui kama kuna mtu amehama. Inakaa palepale, na kila atakayeikopi saini yako anaichukua pia, na atakayemkopi huyo vilevile. Nimewahi kukuta anwani ya mtu aliyestaafu ndani ya saini ya mtu wa tatu baada yake.

Mtaniuliza, na kila mara naulizwa: mbona wateja wengine walikuwa wanampata? Walimpata kwa sababu walibonyeza `Reply`. Ukijibu barua, jibu linakwenda kwa anwani iliyoituma, halipiti kwenye saini kabisa. Anayepotea ni yule anayeanza barua mpya kwa kugusa saini. Kwa hiyo katika wateja kumi, saba wanajibu na wanakupata, wewe unaona kazi inakwenda, na wale watatu unawaona ni wazembe wasiotuma nyaraka. Ukisikia wateja wawili au watatu wanaapa kwamba wametuma na wewe huoni kitu, usiwagombeze. Waombe wakuonyeshe ile `To`.

Na mbona barua hazikurudi? Zingerudi kama sanduku la yule kaka lingefungwa. Mteja angepata taarifa kwamba anwani haipo. Lakini ofisi ililiacha wazi ili barua za zamani zisipotee, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulifungua kila siku. Barua zikaingia, zikakaa. Ukitaka kuacha sanduku la mtu aliyehama likiwa wazi, elekeza barua zake ziende kwa aliyepokea nafasi. Ni jambo la dakika chache kwa mtu wa TEHAMA, ila lazima umwombe, kwa sababu yeye hajui nani amepokea nafasi ya nani.

Hapo hapo nawajibu wanaoniambia kwamba saini ni kazi ya TEHAMA. Hapana! Mtu wa TEHAMA hajui kwamba wewe si Kaimu tena. Hajui umebadilisha laini. Anayejua ni wewe.

Kulitambua kosa lenyewe si kazi. Kwenye kompyuta, peleka mausi juu ya anwani bila kubonyeza, usubiri kidogo; linki ya kweli itajitokeza, ama pembeni yake, ama chini ya dirisha. Kwenye simu, igandamize anwani kwa kidole bila kuachia mpaka ikuonyeshe inakokwenda. Au fanya ninavyofanya mimi: jitumie barua, uifungue kwenye simu, uguse kila kilicho na rangi ya bluu. Namba ya simu nayo iguse. Nayo inaweza kuwa na `tel:` ya mtu mwingine chini yake, na mteja akampigia kaka wa Dar es Salaam huku anasoma namba yako.

Kulirekebisha ndiko watu wanakokosea. Wanafuta na kuandika tena juu ya bluu ileile, wanarudi kulekule. Kwenye Gmail, bonyeza anwani ndani ya sehemu ya saini, vitatokea `Change` na `Remove`. Bonyeza `Remove`. Kwenye Outlook, bonyeza alama ya mnyororo pale unapoandikia saini uitazame linki, uiondoe. Na kama saini yote umeipesti kutoka kwa mtu, usihangaike nayo kipande kwa kipande. Ipeleke kwanza Notepad. Notepad ikiwa kwenye maandishi matupu haichukui rangi, haichukui linki, inabakiza herufi tupu. Kutoka hapo ndipo uikopi uilete kwenye barua pepe. Itaonekana ya kawaida, bila mapambo, na hilo halina neno: barua pepe nyingi zikiona anwani iliyoandikwa wazi hutengeneza linki zenyewe kwa kufuata herufi zinazoonekana. Anwani iliyo tupu haina pa kufichia nyingine.

Wapo waliokimbilia kutengeneza saini kama picha. Anwani iliyo ndani ya picha haikopiki kama maandishi, na simu nyingine hazifungui picha mpaka mtu aruhusu, kwa hiyo mteja anaona kisanduku kitupu mahali pa jina lako.

Naona naoneshwa saa. Nina mengine mawili, nitayapitia haraka.

La kwanza ni dada zangu mnaobadilisha jina, kwa ndoa au kwa kiapo. Mnabadilisha saini moja mnadhani mmemaliza. Saini yako haiko mahali pamoja. Gmail na Outlook zote zina saini ya barua mpya na saini ya kujibu, na unaweza kuchagua tofauti kwa kila moja. Simu nayo ina ya kwake, mara nyingi haifuati ya kompyuta. Juu ya hizo kuna jina linalotokea kwa mpokeaji kabla hajafungua barua, nalo halimo kwenye saini kabisa. Kwenye Gmail linabadilishwa kwenye mipangilio ya akaunti, palipoandikwa `Send mail as`. Nimeona mtu mmoja ana majina matatu kwa siku moja: barua imekuja kwa jina la baba, saini ina jina la mume, na jibu lake la jioni kutoka kwenye simu lina vyote viwili na kistari katikati. Benki ikasimamisha malipo mpaka wathibitishe kwamba ni mtu yuleyule. Benki haikukosea. Kwa miezi ya mwanzo andika jina jipya, na pembeni uandike "zamani" pamoja na jina la awali, sehemu zote nne.

La pili ni alama, na hapa najua mnaniona mkorofi. Usiweke nukta baada ya anwani ya barua pepe, hata kama ndiyo mwisho wa mstari. Mtu akiikopi anaichukua na nukta yake, na barua haitumwi. Namba ya simu ukianza na +255, ile sifuri ya mwanzo inaondoka, zinabaki tarakimu tisa. Sifuri hiyo msiiweke kwenye mabano, kwa sababu namba ikiguswa inaweza kupigwa pamoja na tarakimu nyingine. Namba mbili ziandikwe mistari miwili, si kwa mkwaju na tarakimu moja ya mwisho. Jicho linaelewa, simu haielewi. Na anwani ya mtaa iwe moja ofisi nzima. Siyo mmoja anaandika Barabara ya 12, Ngamiani, mwingine Brb. 12, wa tatu bado ana mtaa mliohama mwaka juzi. Kuhusu "Dkt." na "Dr." chagueni moja. Cheo kinakiliwe kutoka kwenye barua ya uteuzi kama kilivyo. Nilitaka kuzungumzia Afisa na Ofisa, lakini muda hakuna.

Sasa toeni simu. Kila mmoja amtumie aliyekaa kulia kwake barua tupu, yenye saini peke yake. Aliyeipokea asiisome. Aguse anwani, aangalie `To`, aisome kwa sauti. Arudi, aguse namba. Atakayesikia simu ya jirani yake haijaita, anyooshe mkono, nitakuja hapo alipo.