Faili ya Usiku: Kutoka Mfumo Mkongwe Hadi Ripoti ya Asubuhi

Mabibi na mabwana, karibuni Kisumu. Wengi wenu mnatoka katika sacco za huku kwetu magharibi, na kazi yenu inafanana: mfumo wa zamani wa akiba na mikopo unafunga siku usiku, unaandika faili ya miamala kwenye seva ya SFTP, nanyi mnatakiwa kuichukua na kuipakia ili saa mbili asubuhi meneja afungue ripoti yenye hesabu sahihi. Muda mwingi leo nitauweka kwenye swali moja: utajuaje kwamba faili uliyoichukua ni nzima?

Tuchukue faili ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, iitwayo `MIAMALA_20250311.TXT`. Mfumo mkongwe hauiandiki kwa mpigo mmoja. Unaifungua, unaandika rekodi moja baada ya nyingine, na pengine unachukua dakika ishirini. Muda huo wote jina la faili tayari linaonekana kwenye seva. SFTP yenyewe haikuzuii kusoma faili ambayo mwingine bado anaiandika: inakupa baiti zilizopo wakati huo, kisha inaripoti kwamba kazi imekamilika vizuri. Ni sawa na kuhesabu magunia kwenye lori pale soko la Kibuye wakati bado linapakiwa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kosa litakaloonekana popote. Ripoti itatoka, itapendeza, na itakuwa pungufu.

Wengine hupima ukubwa wa faili mara mbili kwa nafasi ya dakika tano, na ukilingana wanachukua. Sipendekezi. Programu inayoandika inaweza kusimama ikisubiri hifadhidata, na ukubwa ukatulia huku nusu ya rekodi bado haijaandikwa.

Dawa bora iko upande wa mwandishi. Aandike kwa jina la muda, na akimaliza abadilishe jina liwe lile la kweli. Ndani ya diski moja, kubadilisha jina hutokea mara moja. Hakuna hali ya katikati. Lakini programu nyingi za zamani hakuna anayethubutu kuzigusa. Hapo ombeni kitu kidogo zaidi: faili tupu ya alama, iandikwe mwisho kabisa baada ya faili ya data kufungwa. Hiyo huongezwa kama hatua ya ziada kwenye ratiba ya usiku bila kufungua programu yenyewe. Kwetu alama hiyo inaishia na `.OK`.

```
cd /toka
get MIAMALA_20250311.TXT.OK
get MIAMALA_20250311.TXT MIAMALA_20250311.part
```

Maagizo hayo yako katika faili `amri.txt`, na tunayaendesha hivi:

```
sftp -i ~/.ssh/ripoti_ed25519 -b amri.txt ripoti@10.20.4.15
```

Kwa `-b` hakuna nywila itakayoulizwa, na `get` ya kwanza ikishindwa kazi nzima inasimama hapo hapo. Alama ikikosekana, basi, hata data haiguswi. Skripti ijaribu tena kila baada ya dakika kumi, na ikifika 06:30 bila mafanikio imwamshe mtu. Angalieni pia kwamba upande wetu tunapokea kwa jina la `.part`. Mtandao ukikatika katikati, kipande kilichobaki hakitafanana kwa jina na faili halali, na kipakiaji hakitakiona. Jina halisi linarudishwa baada ya uhakiki tu.

Jambo la pembeni, ila nalijali sana. Siku moja mtakutana na ujumbe `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`. Yaelekea seva imebadilishwa, lakini yawezekana pia mko mbele ya seva isiyo yenu. Msiweke `StrictHostKeyChecking=no` ili kazi iendelee. Mpigieni simu msimamizi wa seva, awasomee alama ya ufunguo mpya, mlinganishe, ndipo mkubali.

Sasa uhakiki wenyewe. Mstari wa mwisho wa faili nzuri hubeba idadi ya rekodi na jumla ya fedha. Wetu huanza na herufi T, na unasema rekodi 4,812. Ukihesabu mistari ya data ukapata 3,977, na mstari wa mwisho hauanzi na herufi T, faili imekatika. Itupe, uichukue upya. Hilo ni rahisi. Kesi ngumu ni pale idadi inapolingana lakini jumla inakataa.

Mifumo mingi iliyoandikwa kwa COBOL huficha alama ya kutoa ndani ya tarakimu ya mwisho. Baada ya faili kugeuzwa kuwa maandishi ya kawaida, herufi J hadi R husimama badala ya 1 hadi 9 kwa kiasi hasi, na `}` badala ya sifuri. Nukta ya senti nayo haiandikwi. Mtu aliyetoa shilingi 1,234.52 ataonekana hivi:

```
00012345K
```

K ni 2, na kiasi ni hasi. Kipakiaji kinachotupa kila kisicho tarakimu kitasoma 12345, yaani shilingi 123.45 zilizoingia. Katika rekodi moja tu, jumla imepotoka kwa shilingi 1,357.97, ilhali idadi ya rekodi haikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana nasisitiza jumla ilinganishwe hadi senti ya mwisho. Kiasi chanya nacho huweza kubeba herufi, A hadi I na `{` kwa sifuri, kwa hiyo someni maelezo ya faili kabla ya kuandika kanuni.

Faili ikipita, ipakieni kwanza kwenye jedwali la muda lililo tupu, kisha muhamishe yote kwa pamoja:

```
BEGIN;
DELETE FROM miamala
 WHERE tarehe_biashara = '2025-03-11';
INSERT INTO miamala
SELECT * FROM miamala_muda;
COMMIT;
```

Hapa majedwali mawili yana safu zile zile kwa mpangilio ule ule. Kwa kuwa siku hiyo inafutwa kabla ya kuingizwa, ukirudia upakiaji mara tatu matokeo hayabadiliki. Na anayefungua ripoti wakati huo ataona data ya zamani au mpya, kamwe si mchanganyiko.

Limebaki suala la tarehe. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Skripti ikiendeshwa 02:30 usiku wa kuamkia Jumatano, kwa seva bado ni 23:30 ya Jumanne, na `date +%Y%m%d` itatoa 20250311. Inalingana, lakini kwa bahati. Mtu akisogeza ratiba hadi 03:30, seva itasema ni tarehe 12, na faili haitapatikana ingawa ipo.

Afadhali skripti isikisie tarehe kabisa. Iorodheshe alama za `.OK` zilizopo kwenye seva, izilinganishe na jedwali la faili zilizokwisha kupakiwa, kisha ichukue zinazokosekana, ya zamani kwanza. Umeme ukipotea usiku mzima na faili mbili zikaja pamoja, zote zitapakiwa bila mtu kugusa kitu. Na tarehe ya biashara isomwe ndani ya mstari wa mwisho wa faili, kisha ichapwe juu ya kila ripoti pamoja na idadi ya rekodi, ili faili ikichelewa meneja aone mwenyewe kwamba anasoma hesabu za juzi.