Kalibu, Upepo na Kabati: Kiatu cha Ngozi Katika Hewa ya Lamu

Assalamu alaykum, mabibi na mabwana.

Kiatu hiki hapa mezani ni namba 42, ngozi juu, ngozi chini. Tazameni ncha yake ilivyoinuka kama omo la jahazi. Hakikununuliwa hivyo. Kilivaliwa, kikanywa jasho, kikavuliwa na kuachwa kitupu. Ngozi yenye unyevu ni laini, na ikikauka husinyaa. Mikunjo hii ya juu, mguu unapokunjikia, ndiyo iliyosinyaa ikaivuta ncha, na soli ikafuata.

Kalibu ya mbao, yaani umbo la mguu linalotiwa ndani ya kiatu kikivuliwa, huzuia hilo. Hii ni ya kawaida: mbele imepasuliwa vipande viwili vinavyotanuka, katikati ina springi, nyuma ina kisigino. Itieni kiatu kingali na joto la mguu, maana hapo mikunjo bado inakubali kunyooka. Ukiisukuma, springi ibane kiasi cha sentimita moja tu. Ikibana mpaka mwisho, kalibu ni kubwa, na siku chache baadaye utaona nundu nyuma ya kisigino na mdomo wa kiatu ukipanuka. Zile zenye kifundo kidogo cha duara nyuma badala ya kisigino kamili hutoa nundu hiyo hata zikiwa saizi sawa. Mimi sizipendi.

Mbao iwe tupu, isiyopakwa vanishi, kwa sababu vanishi huziba vinyweleo na mbao hainywi tena. Mtarakwa wa bara unafaa sana: mwepesi, unanukia, na ni jamaa wa ule mti wa Marekani unaotengenezewa kalibu za madukani. Springi iwe ya chuma kisichoshika kutu, la sivyo hewa yetu ya chumvi itaila na kutu itachafua bitana.

Sasa, mahali ambapo maelekezo ya nchi kavu hutupoteza. Huko huambiwa utie kalibu, ufunge kabati, basi. Lakini mbao hunywa unyevu mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Msimu wa kusi, mvua za Mei zikiwa zimeshika, kalibu iliyolala kabatini imekwisha kushiba kabla hujaitia kiatuni. Itashika umbo, ila haitakausha. Kiatu kikifungiwa nayo, wiki mbili hazipiti bila koga. Kwa hiyo kalibu nayo ianikwe: nusu saa juani, peke yake. Mbao inavumilia jua hilo. Ngozi haivumilii, hukakamaa na kupasuka penye mikunjo. Harufu ya kalibu ikififia, ipige msasa laini kidogo, itarudi.

Kiatu chenyewe kikae kivulini penye upepo kwa saa 24 kabla ya kuvaliwa tena. Darini chini ya makuti ni pazuri kuliko chumba cha chini. Kidaka kinapendeza kwa macho, lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hushika unyevu, na kisigino kinachougusa ndicho huota koga kwanza. Mfuko wa plastiki ni mbaya zaidi. Tumieni wa pamba. (Makubadhi hayana shida hizi. Yako wazi, upepo unapita wenyewe.)

Tuchukue mfano wa kiatu kilichorushiwa maji ya bahari wakati wa kushuka boti. Kikiwa kikavu kilikuwa na gramu 460, sasa mizani ya jikoni inasoma 520. Kwanza kifute chote kwa kitambaa chenye maji baridi, si pale palipolowa tu, ama chumvi itakauka na kuacha mstari mweupe. Toa kamba, vuta ulimi mbele, jaza karatasi nyeupe; wino wa gazeti huchafua bitana. Kilaze ubavu ili soli ipate upepo. Badilisha karatasi baada ya saa moja, kisha kila baada ya saa tatu. Usitie kalibu bado, maana mbao ikilowa sana hupasuka. Kesho yake mizani ikishuka karibu na 480, ngozi bado ni laini kidogo: hapo ndipo tia kalibu. Usipake rangi wala krimu mpaka uzito urudi, gramu tano juu au chini, kwani hewa nayo hubadilika. Asiye na mizani aguse ndani ya ncha kwa mgongo wa vidole. Pakiwa baridi, bado.

Ukiona weupe baadaye, dondosha tone la maji. Ukiyeyuka na kurudi panapokauka, ni chumvi. Ukibaki kama unga na kunuka, ni koga. Kiatu chenye koga kisuguliwe kwa brashi nje ya nyumba, kifutwe kwa siki na maji nusu kwa nusu, kisha kikaushwe upya. Na kalibu iliyokuwa ndani yake ianikwe juani kabla haijaingia kiatu kingine.